Una namba ya malalamiko lakini pesa haijarudi? Hivi ndivyo nilivyomfikia meneja

Leo naongea na wewe ambaye umeshapiga huduma kwa wateja mara mbili, mara tatu, kila ukipiga unaambiwa "subiri masaa 72", na kila ukikata simu unabaki na namba ya malalamiko ambayo haikusaidii chochote.

Mimi yalinikuta Machi 2025, katikati ya mfungo. Nauza nguo za watoto mtandaoni, na mnajua Idi ikikaribia oda zinavyokuja. Wateja kumi na moja walikuwa wameshanilipa kwa lipa namba yangu, nikawaahidi mzigo kabla ya Idi. Ijumaa tarehe 7 Machi, saa 10:42 jioni, nikahamisha shilingi 640,000 kutoka lipa namba kwenda akaunti yangu ya benki, ili Jumamosi nishuke Kariakoo kuchukua mzigo. Meseji ikaja kwamba umefanikiwa kuhamisha, ina namba ya muamala na kila kitu. Salio la lipa namba likapungua. Benki haikuingia hata mia.

Kampuni siitaji hapa, na benki siitaji, maana yaliyonipata yanaweza kukupata popote. Namba nilizoweka nimezibadilisha. Mtiririko ndio ule ule.

Nilivyozungushwa wiki nzima

Jumamosi tarehe 8, saa tatu asubuhi, nikapiga huduma kwa wateja wa kampuni ya simu. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana, akaniambia nisubiri masaa 72, akanipa namba ya malalamiko inayoishia 4417. Nikaandika nyuma ya daftari la oda. Roho ikatulia.

Jumanne tarehe 11 masaa yakaisha, kimya. Nikapiga tena. Safari hii kaka. Nikamweleza hadithi yote upya. Akaniambia, "Dada, pesa imeshatoka kwetu, waulize benki." Akanifungulia lalamiko lingine, namba inayoishia 5082, na masaa mengine 72.

Jumatano tarehe 12 nikaenda tawini benki. Yule wa dirishani akaangalia akaunti, hakuna kitu. "Haijafika kwetu, waulize waliotuma." Nikamwomba taarifa ya akaunti ya kuanzia tarehe 7 hadi siku hiyo, akaichapa na kuigonga muhuri. Karatasi ile ndiyo ilikuja kuniokoa, ingawa siku ile niliichukua kwa hasira tu.

Sasa hapa tuelewane. Wote watatu hawakunidanganya. Wa kampuni ya simu kwenye skrini yake anaona pesa imetoka. Wa benki anaona haijaingia. Kila mmoja anasema kweli ya upande wake, na hakuna kati yao anayeona katikati. Pesa yangu ilikuwa katikati.

Ndiyo maana kumgombeza anayepokea simu hakusaidii. Yeye anaweza kuandika lalamiko, kulituma kitengo fulani, na kukusomea kilichojibiwa. Hawezi kuurudisha muamala wala kupiga simu benki kuulizia. Anayeweza kuwaagiza watu wa kulinganisha miamala wakae waitafute pesa ni mtu wa juu yake.

Kuwa na namba siyo kwamba kuna mtu anakufuatilia

Ijumaa tarehe 14 ikaja meseji: lalamiko lako limeshughulikiwa na kufungwa. Nikaangalia salio mara mbili, hamna kitu. Nikapiga.

Aliyepokea akataka kunifungulia lalamiko jipya. Nilikuwa nimeshachoka, nikamwambia, "Kaka, usinifungulie jipya. Naomba kwanza unisomee yale mawili yameandikwaje."

Akanisomea. Lile la kwanza, la tarehe 8, liliwekwa kwenye kundi la maswali ya salio, likafungwa siku ile ile. Lile la pili limeandikwa muamala umefanikiwa, mteja ameelekezwa benki. Basi. Wiki nzima mimi nasubiri, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuambiwa aitafute laki sita na arobaini yangu.

Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Unapotaja shida yako, anayepokea anachagua kundi la kuiweka. Akichagua kundi lisilo lake, inakwenda kwa watu wasiohusika, nao wanaifunga kwa sababu kwao hakuna cha kufanya. Na kila ukipiga na kufunguliwa namba mpya, siku zako zinaanza kuhesabiwa upya. Wewe una wiki moja unalalamika, lakini kwenye mtambo wao una lalamiko la leo asubuhi.

Kwa hiyo kabla hujakata simu yoyote, ulizia mambo haya matatu kwa upole:

1. "Naomba unisomee ulichoandika." Akisoma "mteja anaulizia salio", mwambie arekebishe iwe "pesa imekatwa, haijafika, mteja anaomba itafutwe au irudishwe".
2. "Masaa 72 yanaisha lini?" Mfanye ataje siku na saa. Yangu ya kwanza yalikuwa yanaisha Jumanne saa tatu asubuhi. Ukiwa na siku na saa, ikipita tu ahadi imevunjwa, hakuna ubishi.
3. "Naongea na nani?" Jina moja linatosha. Andika na saa uliyopiga, kwa sababu simu hizi zinarekodiwa na saa ndiyo inayowasaidia kuitafuta rekodi.

Kama lalamiko la zamani limefungwa bila pesa kurudi, usikubali jipya. Sema, "Naomba ulifungue tena lile la tarehe 8, au kama haiwezekani, andika ndani ya hili kwamba ni mwendelezo wa lile." Akikataa kabisa na kukupa jipya, wewe mwenyewe endelea kutaja ile namba ya kwanza kila mahali. Umri wa lalamiko lako unahesabiwa kutoka siku ya kwanza.

Kuomba msimamizi

Watu wengi tunasema "niite bosi wako!" Ukisema hivyo anayepokea anajihami, anakwambia bosi ana kikao. Mimi siku ile nilisema hivi, polepole:

"Kaka, najua wewe huwezi kuirudisha hii pesa, na sikulaumu. Nimeahidiwa masaa 72 mara mbili, yamepita mara mbili. Naomba ulipandishe kwa msimamizi wa zamu, na uandike kwamba mteja ameomba msimamizi leo tarehe 14, saa 5:20 asubuhi."

Akasema msimamizi hayupo hewani, atanipigia ndani ya masaa 24. Nikaandika. Nikamwomba pia barua pepe ya kitengo cha malalamiko, akanitajia.

Jumamosi saa 5:20 ikapita. Hakupiga mtu. Sikupiga tena simu, maana ningempata mtu mwingine na kuanza hadithi upya. Nikakaa jioni baada ya kufuturu, nikaandika.

Barua yenyewe

Mimi niliishia kidato cha nne, sikuwahi kufundishwa kuandika barua za kampuni. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za malalamiko matupu: nimeteseka, wateja wananitukana, nyie hamna huruma. Dada yangu, ambaye anafanya kazi ya mapokezi ofisini, akaisoma akaniambia, "Meneja akifungua hii hajui aanzie wapi. Mwandikie kitu ambacho anaweza kukipeleka kwa mtu wake na kusema tafuta hii." Nikafuta yote. Ikabaki hii:

> Yah: Kupandisha lalamiko namba …4417 la tarehe 8 Machi 2025 – TZS 640,000
>
> Ndugu Msimamizi,
>
> Naomba uangalie lalamiko langu ambalo halijatatuliwa tangu tarehe 8 Machi 2025.
>
> Muamala: TZS 640,000 kutoka lipa namba yangu kwenda akaunti yangu ya benki, Ijumaa 7 Machi 2025, saa 10:42 jioni. Namba ya muamala ni ile iliyo kwenye meseji niliyoambatisha.
>
> Yaliyotokea:
>
> 8 Machi, saa 3:00 asubuhi – Nilipiga simu. Nikapewa namba …4417 na ahadi ya masaa 72. Lalamiko lilifungwa siku hiyo hiyo bila kutafutiwa ufumbuzi.
>
> 11 Machi – Nilipiga tena. Nikapewa namba …5082 na ahadi ya masaa 72. Nikaelekezwa benki.
>
> 12 Machi – Benki imethibitisha kwa taarifa ya akaunti yenye muhuri kwamba pesa haijaingia.
>
> 14 Machi – Namba …5082 imefungwa. Saa 5:20 asubuhi niliomba msimamizi, nikaahidiwa kupigiwa ndani ya masaa 24. Sikupigiwa.
>
> Ninachoomba ni moja kati ya haya mawili: pesa irudishwe kwenye lipa namba yangu, au nipewe uthibitisho wa maandishi kwamba benki imeipokea, wenye tarehe na namba ya kumbukumbu, ili niupeleke benki.
>
> Naomba jibu kufikia Alhamisi 20 Machi 2025. Nisipopata jibu, nitawasilisha lalamiko hili Benki Kuu ya Tanzania nikiambatisha barua hii.
>
> Viambatisho: meseji ya muamala, taarifa ya benki ya tarehe 7 hadi 12 Machi, meseji ya kufungwa kwa lalamiko.

Angalia mambo machache. Kichwa kimebeba namba ya kwanza, tarehe na kiasi, kwa sababu meneja anapokea barua nyingi na kichwa ndicho anachokisoma. Kila mstari una tarehe, namba na ahadi iliyotolewa. Sijaandika "mara nyingi nimepiga simu", maana "mara nyingi" haina cha kukagua. Tarehe 11 ina cha kukagua: anafungua mtambo wake anaikuta.

Halafu nimeomba kitu kinachoweza kufanyika. Ukiandika "naomba haki yangu", atakujibu "tunalifanyia kazi". Ukimwambia rudisha pesa au nipe uthibitisho kwamba benki imepokea, hana njia ya tatu. Ile ya pili ndiyo muhimu ukiwa unarushwa kati ya kampuni mbili. Anayedai kwamba pesa imeshatoka kwake ndiye mwenye ushahidi wa ilikokwenda. Akikupa, unarudi benki ukiwa na karatasi. Akishindwa kukupa, basi pesa ni ya kutafutwa kwake.

Na nimetaja Benki Kuu mara moja tu, mwishoni, bila vitisho. BoT ndiyo inayosimamia mabenki na pia huduma za pesa kwa simu, na ina dawati la malalamiko ya wateja. Lakini utaratibu wake ni kwamba uanze kwanza kwa mtoa huduma wako, na uwe na ushahidi kwamba ulianza huko. Kwa hiyo barua hii ina kazi mbili: inaweza kukumalizia shida, na isipomaliza, ndiyo kielelezo cha hatua inayofuata. Kama tatizo lako ni la laini, bando, au kifurushi kilichopotea kwa kampuni ya usafirishaji wa vifurushi, huko juu ni TCRA, lakini mwendo ni huo huo: kwanza mtoa huduma.

Peleka mahali penye muhuri

Barua pepe niliituma Jumamosi usiku. Jumatatu tarehe 17 nikachapa nakala mbili, nikaenda kwenye duka la huduma la kampuni yenyewe, siyo kwa wakala. Wakala wa mtaani hana uwezo wa kupokea barua. Nikawaachia moja, ya pili nikaomba waigonge muhuri wa kupokelewa na tarehe. Yule dada alisita kidogo, nikamwambia, "Sihitaji unijibu leo, nahitaji tu ionekane imepokelewa." Akaigonga.

Jumatano tarehe 19 mchana nikapigiwa simu. Msimamizi. Hakuniuliza hadithi. Alikuwa nayo mbele yake. Akanieleza kwamba pesa ilitoka kwao, lakini mtambo wa benki haukurudisha jibu, wala la kukubali wala la kukataa. Kwa hiyo ilikaa kwenye akaunti ya kati ikisubiri jibu ambalo halikuja. Kwa mtu wa simu ilionekana imetoka, kwa mtu wa benki haipo. Taarifa ya benki yenye muhuri ndiyo iliyowapa uhakika wa kuirudisha bila kuogopa kwamba nitalipwa mara mbili.

Alhamisi tarehe 20, 640,000 ilirudi kwenye lipa namba. Jumamosi nikashuka Kariakoo.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilikaa sawa. Wateja wawili walikuwa wameshakata tamaa, nikawarudishia pesa zao kutoka mfukoni mwangu kabla yangu haijarudi, na hawajanunua tena kwangu. Saizi za watoto wadogo nilizikuta zimeisha. Meneja aliomba radhi, ila hasara hiyo hakuna aliyenilipa, na nilipoulizia niliambiwa haimo kwenye mamlaka yake. Lakini ningebaki kwenye mzunguko wa masaa 72, Idi ingepita.

Mahali pa kuwa makini

Kosa moja nilitaka kulifanya, nikazuiwa. Ijumaa ile kwa hasira nilitaka kwenda kwenye kurasa ya kampuni niweke skrinshoti ya meseji ya muamala kwenye komenti. Usifanye. Matapeli wanakaa kwenye komenti hizo. Wakiona namba yako ya simu, kiasi na tarehe, baada ya dakika chache unapigiwa na "huduma kwa wateja" anayejua shida yako yote, anakutajia hadi kiasi, halafu anaomba namba ya siri ili "akurudishie". Meneja wa kweli hahitaji namba yako ya siri kurudisha pesa. Anahitaji namba ya muamala tu. Akiomba namba ya siri, kata.

Jambo la mwisho ni daftari. Sasa hivi nina ukurasa mmoja wenye safu tano: tarehe na saa, nimeongea na nani, namba ya malalamiko, ameahidi nini, ahadi inaisha lini. Najaza simu ikiwa bado hewani. Siku nikihitaji kuandika kwa meneja, barua inakuwa imeshajiandika nusu, nanakili safu tu.

Wewe mwenye lalamiko ambalo halijaisha, fungua meseji zako sasa hivi, tafuta ile namba ya kwanza kabisa uliyopewa na tarehe yake, iandike juu ya karatasi. Barua yako inaanzia hapo.